Hesabu gramu ulizouza kabla ya kuhesabu shilingi

"Nina duka dogo la vito hapa Kampala. Mauzo yangu ya mwaka huu yamezidi ya mwaka jana kwa asilimia 20. Je, nikope niongeze mikufu na bangili nzito kabla ya msimu wa kwanjula, sherehe za bwana harusi kutambulishwa kwa wakwe?"

Usikope, ndugu yangu. Fungua daftari lako usiku huu ujumlishe gramu ulizouza, kwa sababu mimi nilijumlisha shilingi peke yake na nikaumia.

Mwanzoni mwa 2024 aunsi ya dhahabu ilikuwa inakaribia dola 2,000 na kidogo. Machi 2025 ikavuka 3,000. Mteja aliyetenga shilingi 1,800,000 kwa mkufu wa karati 18, mbali na ujira wa sonara, alipata gramu 10 wakati gramu moja ilipokuwa 180,000. Gramu ilipofika 270,000, mteja wa namna hiyo alijikaza akatoa 2,160,000, lakini aliondoka na gramu 8. Daftari langu likasema nimepanda kwa asilimia 20, ilhali mizani ilisema nimeshuka kwa asilimia 20. Anayeoa hawezi kuja bila pete wala mkufu, kwa hiyo haachi kununua, ila fedha zake zinagawanywa pia kwa hema, chakula na zawadi za wakwe, na haziwezi kuongezeka kwa kasi ya bei. Basi huchagua mkufu mwembamba, au wenye uwazi ndani, au wa karati ya chini. Bei ikipanda kwa nusu, fedha huongezeka mradi uzito usipungue kwa zaidi ya theluthi. Ukipita hapo, hata shilingi zitapungua. Duniani nako mwaka 2024 uzito ulipungua huku fedha zikiongezeka: kwa hesabu za Baraza la Dhahabu Duniani, vito vilivyonunuliwa vilipungua kwa asilimia 11 hadi tani 1,877, huku thamani yake ikipanda kwa asilimia 9.

Aliyeniuzia kwa jumla aliyaona mauzo yangu akaniambia soko linakua, nijaze kabati. Bado nina hasira naye, kwani yeye aliziona gramu zikipungua katika oda za maduka yote na akanyamaza. Nilikopa, nikanunua bangili nzito za gramu 300, zikakaa miezi minane bila kuguswa. Ni kweli dhahabu yenyewe ilipanda bei wakati huo, lakini riba ilidaiwa kila mwezi, na nilipoziyeyusha, ujira wote wa ufundi niliokuwa nimelipia ulipotea. Isitoshe, nilikuwa nikitoza ujira wa shilingi 20,000 kwa gramu, hivyo mkufu ulioniletea 200,000 sasa uliniletea 160,000, na kodi ya chumba haikupungua.

Gramu zako zikiwa zimeshuka, agiza pete nyembamba na herini za gramu mbili au tatu, chache kwa kila safari, na ujira utoze kwa kipande badala ya kwa gramu.