Droo ya kashi haifunguki ila risiti inatoka

"Duka langu liko Kadutu, Bukavu. Risiti inatoka vizuri, lakini droo ya pesa imekataa kufunguka tangu jana. Nianzie wapi?"

Pole sana, mama. Anza na sikio. Toa risiti moja huku umeinama karibu na droo, usikilize kama kuna mlio mfupi wa "tak".

Ukiusikia, umeme unafika, na kizuizi ni cha chuma. Tazama ufunguo: droo nyingi zina sehemu tatu, yaani kufunga kabisa, kungoja printa, na kufungua kwa mkono. Ukiwa kwenye kufunga kabisa, droo haitoki hata printa ikiamuru. Rudisha ufunguo katikati. Kama bado, fungua kwa mkono na uangalie nyuma ya trei: noti za franka zilizochakaa hupenya huko na kukaza reli.

Usiposikia kitu, fuata waya. Droo haipati amri kwa kompyuta moja kwa moja. Printa ndiyo inayoipigia umeme, mara nyingi wa volti 24, kupitia tundu lililoandikwa DK. Waya wa simu unaingia humo, ila nyuzi zake mara nyingi zimepangwa tofauti, kwa hiyo tumia ule uliokuja na droo.

Waya ukiwa mzima, ingia kwenye mipangilio ya programu ya mauzo, penye amri ya droo, uandike:

```
27 112 0 25 250
```

Ikigoma, badilisha 0 iwe 1, maana droo nyingine hutumia njia ya pili. Kubadilisha printa au kuweka upya programu yake hufuta mpangilio huu mara nyingi.