Deni la leo si salio la mwaka: kupanga daftari la ada kwenye Google Sheets

*Swali: Habari za kazi. Mimi ni mhasibu wa shule ya msingi ya binafsi, wanafunzi 240. Wazazi wanalipa ada kidogo kidogo. Kila mtu akilipa, nafuta salio la zamani kwenye Google Sheets naandika jipya. Juzi nimempigia mzazi kumdai, kumbe hajachelewa hata awamu moja. Naomba mpangilio wa awamu, salio, vikumbusho na orodha ya wanaodaiwa.*

Salama. Kwanza acha kuandika salio kwa mkono. Salio linatakiwa lipigwe hesabu na kompyuta kutokana na risiti, maana ukishafuta la zamani huna tena namna ya kumwonyesha mzazi ulifikaje kwenye hilo jipya.

Fungua faili lenye karatasi nne: Wanafunzi, Awamu, Malipo na Orodha. Kwenye Awamu weka tarehe ya mwisho ya kila awamu katika safu A na sehemu ya ada inayodaiwa katika safu B. Tuseme ni 30% ifikapo 15 Januari, 20% ifikapo 1 Aprili, 30% ifikapo 15 Julai na 20% ifikapo 15 Septemba. Natumia asilimia kwa sababu wa bweni, wa kutwa na mwenye punguzo la ndugu hawalipi ada sawa, ila tarehe zao ni zile zile.

Malipo ni mstari mmoja kwa kila risiti: tarehe (A), namba ya mwanafunzi (B), kiasi (C), njia aliyolipia (D) na namba ya muamala (E). Mzazi akilipia watoto wawili kwa mkupuo, andika mistari miwili yenye namba ile ile ya muamala. Ukiingiza kimakosa, usifute. Ongeza mstari wenye kiasi hicho hicho kikiwa hasi, kisha andika sahihi chini yake.

Kwenye Wanafunzi, safu A hadi F ni namba, jina, darasa, simu ya mzazi, deni la mwaka jana na ada ya mwaka huu. Kuanzia G ni fomula, unaziandika mstari wa 2 na kuziburuta hadi mwanafunzi wa mwisho:

```
G2  =E2+F2*SUMIFS(Awamu!B:B,Awamu!A:A,"<="&TODAY())
H2  =SUMIFS(Malipo!C:C,Malipo!B:B,A2)
I2  =MAX(0,G2-H2)
J2  =E2+F2-H2
```

G ni kiasi kilichoiva, yaani ambacho mzazi alitakiwa awe amelipa kufikia leo. H ni alicholipa. I ni deni la leo na J ni salio la mwaka mzima. Simu yako ya juzi ilitokana na kusoma J mahali pa I.

Chukua mwanafunzi M045. Ada yake ni 1,200,000 na alivuka mwaka na deni la 80,000. Mzazi kalipa 200,000 mwezi Januari, 150,000 Machi na 100,000 tarehe 10 Aprili, jumla 450,000. Ukifungua faili tarehe 20 Aprili, awamu mbili zimeshaiva, yaani 50% ya ada ambayo ni 600,000. Ukijumlisha na lile deni la zamani unapata 680,000. Deni la leo ni 230,000, wakati salio la mwaka ni 830,000. Ukimtumia mzazi huyu ujumbe wa laki nane na thelathini atapigwa na butwaa, na pengine ataacha kupokea simu zako. Tena hiyo 230,000 haifikii awamu ya Aprili, ambayo ni 240,000. Maana yake deni la zamani na awamu ya Januari vimekwisha, anadaiwa ya Aprili tu. Deni la leo likizidi awamu ya mwisho kuiva, ujue kuna limbikizo la nyuma. Hao ndio wa kuwapigia kwanza.

Sasa mtazame M102, mwenye ada hiyo hiyo bila deni la nyuma, aliyelipa 700,000 mwezi Januari. Salio lake la mwaka ni 500,000 lakini deni la leo ni sifuri. Hatakiwi kuonekana kwenye orodha kabisa hadi 15 Julai.

Safu K ya Wanafunzi iwe ya ahadi: tarehe ambayo mzazi amesema atalipa. Kisha kwenye Orodha, kisanduku A2, weka hii:

```
=IFNA(SORT(FILTER(Wanafunzi!A2:I,
 Wanafunzi!I2:I>0,
 Wanafunzi!K2:K<TODAY()),9,FALSE),"Hakuna")
```

Inaleta wenye deni la leo tu, mkubwa juu, na inamficha aliyeahidi mpaka siku yake ipite. Ahadi lazima iwe tarehe kamili. Ukiandika "mwisho wa mwezi" kwa maneno, mwanafunzi anatoweka kwenye orodha moja kwa moja na hakuna atakayekushtua. Usiandike chochote kwa mkono pembeni mwa orodha hii pia, kwa sababu mistari yake inapanda na kushuka kila malipo yakiingia, na maelezo ya mtoto mmoja yataishia kwa mwingine. Maelezo yote yakae kwenye Wanafunzi.

Fomula pembeni haina shida, kwani inasoma mstari uliopo. Kwenye J2 ya Orodha:

```
=IF(D2="","",HYPERLINK("https://wa.me/"&D2&"?text="&
 ENCODEURL("Mzazi wa "&B2&", ada iliyofikia muda wake ni Sh "
 &TEXT(I2,"#,##0")&". Kama umeshalipa, tutumie risiti."),"Tuma"))
```

Iburute chini. Ukibofya Tuma, WhatsApp inafunguka na ujumbe ukiwa tayari. Simu ziandikwe kwa kuanza na 255, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele. Mtume kila mzazi peke yake. Kubandika orodha ya wadaiwa kwenye kundi la darasa ni kuwaaibisha watoto, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kikumbusho cha kabla ya siku kufika ni rahisi: nakili maandishi ya fomula ya G2, si kisanduku chenyewe, uyabandike kwenye safu nyingine, badilisha `TODAY()` kuwa `TODAY()+7`, kisha toa H. Mwenye sifuri leo na deni wiki ijayo anahitaji neno la upole tu.

Makosa mengi yataingilia kwenye Malipo. Mtu akiandika 150,000/= kwa mazoea, Sheets inaona maneno, haioni namba, na malipo hayahesabiwi. Namba ya mwanafunzi ikikosewa, hela inakaa bila mwenyewe. Weka vipimo viwili mahali unapoviona kila asubuhi, vyote vitakiwe kuwa 0:

```
=COUNTA(Malipo!C2:C)-COUNT(Malipo!C2:C)
=SUM(Malipo!C2:C)-SUM(Wanafunzi!H2:H)
```

Cha kwanza kinanasa kiasi kilichoandikwa kama maneno, cha pili kinanasa namba isiyo na mwanafunzi. Hakuna hata kimoja kinachonasa M045 ikiandikwa M054, kama wote wapo shuleni. Hapo dawa ni kulinganisha Malipo na taarifa ya benki mstari kwa mstari kila wiki. Kagua pia mpangilio wa tarehe kwenye File > Settings > Locale. Ukiwa United States, 1/4 itasomwa kama 4 Januari na awamu ya Aprili itaiva miezi mitatu kabla ya wakati.

Mwaka ukiisha, nakili safu J na uibandike kama namba tupu kwenye safu E ya faili jipya. Aliyelipa zaidi ataonekana kwa namba hasi, na fomula ya G itampunguzia yenyewe.