Reli inavyokutana mbali: maswali yenu ya kuchora

Shikamoo mwalimu. Mimi nipo form one, nimechora reli na rula kabisa ila mataruma yangu yanaonekana kama ngazi imesimamishwa ukutani, haiendi mbali. Nakosea wapi?

Marahaba mwanangu. Kosa ni nafasi kati ya taruma na taruma, wengi mnazipima sawasawa, sentimita moja moja mpaka juu. Reli zenyewe umezikutanisha vizuri lakini mataruma yanaliambia jicho kwamba hakuna umbali, sa jicho linayaamini mataruma.

Fanya hivi. Chukua A4 ilaze, chora mstari wa macho sentimita 12 kutoka ukingo wa chini, ule ndo mstari ambao mbingu na ardhi tambarare vinakutana. Katikati yake weka nukta, hapo reli zote zinatokomea. Huku chini kabisa weka alama mbili zilizoachana sentimita 8, kila moja iunge na ile nukta, tayari una reli mbili. Afu chora na mstari wa tatu, mwepesi sana maana utafutwa, kutoka katikati ya zile alama mbili mpaka kwenye nukta.

Taruma la kwanza lipo ukingoni pale chini. La pili unaliweka kwa jicho, tuseme sentimita 2 juu yake. Basi, kubuni kumeishia hapo, la tatu haulikadirii tena. Weka rula kwenye kona ya kushoto ya taruma la kwanza, pale linapogusa reli, ipitishe pale taruma la pili linapokatana na mstari wa katikati, endelea mpaka ukutane na reli ya kulia. Hapo ulipoigusa reli ndo taruma la tatu linapokaa, chora mstari wa kulala. Sa anzia kona ya kushoto ya taruma la pili, pitia katikati ya la tatu, unapata la nne, unaenda hivyo hivyo.

Ukipima utaona nafasi ya kwanza ni sentimita 2, inayofuata kama 1.4, afu 1.1, afu 0.8, afu 0.7. Taruma la sita linatakiwa liangukie sentimita 6 kutoka chini, yani nusu ya njia kwenda kwenye mstari wa macho, na hapo reli zimebaki na upana wa sentimita 4 tu. Kama lako limepita au halijafika kwa milimita nyingi, penseli yako ni butu au rula iliteleza mwanzoni, maana kosa la taruma la tatu linarithiwa na yote ya mbele. Ukishafika kumi hivi acha, huko mbali yanabanana mpaka penseli haiwezi, paka kivuli tu.

Na mataruma yanatokeza nje ya reli, kwenye reli ya mita moja taruma lina urefu karibu mara mbili ya upana wa njia. Kwahiyo ncha zake nazo zinafuata mistari miwili inayoenda kwenye nukta ile ile, usizikate kwa kubahatisha.

Rafiki yangu yeye kila nafasi anaifanya theluthi mbili ya ile ya nyuma yake, na inapendeza. Si ni rahisi kuliko mistari yako ya mshazari?

Ni rahisi, na kuna wachoraji wa Italia walikuwa wanafanya hivyo hivyo, Alberti, msomi wa huko huko, akawakosoa kwenye kitabu chake cha uchoraji mwaka 1435. Angalia tu hizo namba za juu bila kuzikadiria: 2 kwenda 1.43 ni kama asilimia 71, lakini 0.83 kwenda 0.67 ni kama asilimia 80, kupungua kwenyewe kunapungua. Kipimo alichotumia Alberti kukagua ni cha bure: chora mshazari mmoja ukatize vyumba kadhaa vya mraba vilivyopangwa kwenye sakafu, ukipita kwenye kona zote ni sawa, ukipinda kuna kosa. Mpe rafiki yako rula ajaribu kwake.

Mstari wa macho niuweke wapi? Huku kwetu mwisho wa reli kuna mlima, nimeuweka juu ya kilele.

Mlima hauhusiki kabisa. Mstari wa macho ni kimo cha macho YAKO, mlima unapanda juu yake kama unavyotaka. Ndo maana reli yako inaonekana imepanda ukutani.

Kuna hesabu ndogo hapa naipenda sana. Reli ya zamani ya kati, ile ya Dar kwenda Kigoma, ina upana wa mita 1. Mwanafunzi aliyesimama, tuseme macho yako kwenye mita 1.5. Basi popote kwenye mchoro, kimo kutoka kwenye reli mpaka mstari wa macho kinatakiwa kiwe mara moja na nusu ya upana wa reli pale pale. Ndo maana nilikupa 8 na 12. Ukichuchumaa mstari unashuka, ukiwa juu ya daraja la waenda kwa miguu unapanda sana. SGR ina mita 1.435, kwahiyo kwa mtu huyo huyo upana na kimo vinakaribia kulingana, ukitumia vipimo vya reli ya kati itaonekana kama umechora SGR ukiwa juu ya ngazi.

Nguzo za umeme pembeni ya barabara nazipangaje?

Ujanja ule ule umesimamishwa. Chora nguzo ya kwanza, vichwa na miguu unaviunga na nukta, halafu mstari wa katikati nao unaenda huko. Weka ya pili unapopenda, kisha kutoka kichwa cha ya kwanza pitia katikati ya ya pili mpaka mstari wa miguu, hapo inasimama ya tatu. Nguzo ya mita 9 inakatwa na mstari wa macho kwenye moja ya sita ya urefu wake, zote, ya karibu na ya mbali. Watu wa kimo chako pia, barabara ikiwa tambarare macho yao yote yanakaa kwenye mstari huo hata wakiwa wadogo kama sisimizi.

Barabara yetu inashuka bondeni halafu inapanda.

Kila kipande kina nukta yake. Kinachoshuka, nukta iko chini ya mstari wa macho, kinachopanda iko juu yake, na kama barabara haikati kona zote zinapangana wima. Nyumba za pembeni zilizojengwa kwa usawa zinabaki na nukta ya kwenye mstari wa macho, hapo ndo wengi wanazilaza nyumba zifuate mteremko.

Mwalimu mwenzangu, nina darasa kubwa na reli ipo karibu, niwapeleke wakasimame katikati waione?

Hapana, kwenye reli hakuna mtu anasimama hata kama treni inapita mara mbili kwa wiki. Wapange stesheni, nyuma kabisa ya platifomu, au kando mbali na njia. Tena wakiwa pembeni mchoro ni mzuri zaidi: nukta inabaki mbele ya macho yao, ila reli ziko upande mmoja wa karatasi zinakuja kwa kuinama, na ya mbali inalala zaidi kuliko ya karibu. Aliye juu ya platifomu aongeze kimo cha platifomu kwenye ile hesabu.

Na kama huwezi kuwatoa, tumia dirisha la kioo linaloangalia barabara. Mmoja anafumba jicho moja, kidevu amekiegemeza kwenye kitu kisitikisike, anafuatisha kingo za barabara juu ya kioo kwa kipande cha sabuni. Akitikisa kichwa mistari inaachana na barabara, mwambie arudishe kidevu, asifute.