Dumu lililopasuka kitako

"Dumu langu la maji limepasuka chini, gundi imebanduka mara mbili. Nifanyeje?"

Angalia kitako. Ukikuta namba 2 ndani ya pembetatu, plastiki hiyo haishiki gundi. Kuna aliyeshauri gundi ya mabomba: yuko sahihi kwa PVC, plastiki ya mabomba, si kwa dumu hili.

Toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa, ili ufa usizidi kukimbia. Kwangua, kausha. Kata utepe kwenye dumu bovu lenye namba 2 pia. La 5 halitashikana nalo. Kwa kisu cha moto yeyusha kingo na utepe kwa pamoja, hadi viwe uji mmoja. Utepe uliokaa juu tu kama nta utabanduka ukipoa. Lililowahi kubeba petroli usilichome kabisa, linaweza kulipuka.