Jedwali kubwa liende kiambatishoni, dogo libaki kwenye sura

"Ripoti ina kurasa 90 na jedwali la visima 46. Nikiliweka katikati linakata maelezo, nikilipeleka mwisho hakuna anayelifungua. Nifanyeje?"

Ligawe. Ndani ya sura acha jedwali dogo lenye mistari minne au mitano inayobeba hoja yako, mathalani idadi ya visima vilivyokauka kwa kila kata. Lile kamili liwe Kiambatisho B, lenye majina yaleyale ya kata, ili anayetilia shaka jumla yako aihesabu mwenyewe.

Sentensi itaje matokeo kwanza, ndipo ielekeze: "Visima 11 kati ya 46 vimekauka (Jedwali B2, uk. 78)." Ukiandika "tazama kiambatisho" tu, msomaji hajui anatafuta nini, na hataenda.

Namba za jedwali na ukurasa usizichape kwa mkono. Niliwahi kuongeza jedwali moja siku ya mwisho, marejeo yote yaliyofuata yakaelekeza pasipo. Kwenye Word tumia Insert Caption, kisha Cross-reference. Kabla ya kutoa PDF bonyeza Ctrl+A na F9, halafu tafuta "Error!". Likitokea, umefuta jedwali ukaacha rejeo lake. Tanbihi hazimo katika uteuzi huo. Bofya ndani yake na urudie.