Usifunge hiyo hesabu kwa sifuri: tafuta π/2 kwanza

*"Wakuu, niko Mbeya, kidato cha sita. Nina ∫ dx/(1 + 3sin²x) kutoka 0 hadi π. Nimegawa juu na chini kwa cos²x, nikaweka t = tan x, mipaka yote miwili imekuwa 0. Kwa hiyo jibu ni 0, siyo?"*

Siyo! Mdogo wangu, weka kalamu chini kabla hujaandika hiyo sifuri kwenye moki.

Angalia swali lenyewe kwanza. sin²x inacheza kati ya 0 na 1, kwa hiyo 1 + 3sin²x iko kati ya 1 na 4, na sehemu yako nzima iko kati ya 1/4 na 1. Haigusi sifuri hata mara moja, wala haiendi hasi. Eneo chini yake kutoka 0 hadi π lazima liwe kati ya π/4 na π, yaani kati ya 0.785 na 3.142 hivi. Sifuri inatokea wapi?

Najua inakotokea, maana hata mimi nilifundishwa hivyo. Kuna mwalimu wa twisheni pale Mwanjelwa alitugawia fotokopi imeandikwa kwa herufi kubwa: "Badili mipaka, ikilingana jibu ni 0." Tukailipia, tukaikariri, tukaenda nayo kwenye mtihani. Alama zilivyorudi akasema hatukuwa makini. Makini na nini, wakati kanuni ni yake? Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka, na nikiona mwingine anaandika mstari uleule siwezi kunyamaza.

Kugawa kwa cos²x hakuna ubaya. Chini unapata sec²x + 3tan²x, na kwa kuwa sec²x = 1 + tan²x, inakuwa 1 + 4tan²x. Juu kuna sec²x dx, ambayo ndiyo dt. (Wengi hapa wanaiacha ile 1 kama ilivyo na kuandika 1 + 3t². Nayo ilikuwa igawiwe!) Basi:

∫ dt/(1 + 4t²) = ½ tan⁻¹(2 tan x) + C

Tatizo liko π/2. Pale cos x ni 0, kwa hiyo ulichogawia ni sifuri. Swali lako la mwanzo limetulia kabisa mahali hapo, thamani yake ni 1/4 tu. Kilichokatika ni tan x: x ikikaribia π/2 kutoka kushoto, t inapaa bila kikomo, ukivuka kidogo tu, t inaanzia chini kabisa upande wa hasi na kupanda hadi 0. Jibu lako la ½ tan⁻¹(2 tan x) linaruka palepale, kutoka π/4 hadi −π/4. Ule mruko wa π/2 ndio uliouacha nje. Gari likitoka Uyole hadi Tukuyu likarudi Uyole, huwezi kusema halikuchoma mafuta eti limeishia lilipoanzia.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: kabla ya kugusa mipaka, uliza kama π/2 iko ndani. Kama iko, kata hapo. Na 3π/2 vilevile.

Kwako wewe, sin²(π − x) = sin²x, nusu mbili zinalingana, hivyo chukua 0 hadi π/2 uzidishe kwa 2. x ikikaribia π/2, t inaenda ∞ na tan⁻¹(2t) inakaribia π/2:

2 × ½ × (π/2 − 0) = π/2

Ni 1.571 hivi, ndani ya ile 0.785 na 3.142. Ukiwa na ∫ dx/(a + b sin²x), a na a + b zote chanya, njia hiyohiyo inakupa π/√(a(a + b)) kutoka 0 hadi π. Weka a = 1, b = 3 uone. Ila a ikiwa chanya na a + b ikawa hasi, usiitumie: chini panagusa sifuri kabla ya π/2, na eneo lenyewe halina kikomo.

Sasa ifanye ya 0 hadi 3π/4. Hapo mipaka hailingani, kwa hiyo hakuna sifuri ya kukushtua, na ndiyo maana ni hatari zaidi. Ukiingiza moja kwa moja unapata ½ tan⁻¹(−2), karibu −0.554, eneo hasi la kitu ambacho ni chanya kote. Ikate π/2: upande wa kwanza π/4, upande wa pili ½(−1.107 + 1.571) = 0.232. Jumla 1.017. Iandike hapa hatua kwa hatua, nitaipitia.