Anayekuletea kazi ya besi ni mpiga besi mwenzako

Kwa karibu mwaka mzima niliwafuata viongozi wa bendi. Niliwapelekea rekodi zangu, nilisubiri mlangoni baada ya shoo ili niwasalimie, na kila mmoja aliipokea namba yangu kwa adabu, lakini hakuna aliyenipigia. Simu ya kwanza iliyoniletea malipo ilitoka kwa mtu ambaye sikuwahi kumwomba chochote: mpiga besi mwenzangu aliyejikuta ana kazi mbili usiku mmoja.

Baadaye niliona kwamba jambo lile halikuwa bahati. Kiongozi wa bendi ambaye tayari ana mpiga besi hana sababu ya kutafuta mwingine, hata kama rekodi zako zimempendeza. Nafasi hutokea pale mwenye nafasi anapougua, anaposafiri au anapopata kazi inayolipa vizuri zaidi, na mara nyingi ni yeye mwenyewe anayetarajiwa kumleta mtu wa kumshikia. Hivyo watu tunaowakwepa kwa kuwaona washindani ndio hasa wenye kazi za kugawa. Nilianza kwenda kwenye shoo za wapiga besi wengine, kuzungumza nao kuhusu nyuzi na vipaza sauti vyao, na kupiga nao katika vikao vya wazi ambamo yeyote anaruhusiwa kupanda jukwaani. Kikao kimoja ambamo mwenzako amekusikia kwa masikio yake kina uzito kuliko rekodi kumi, kwa sababu rekodi haimwonyeshi kama unamsikiliza mpiga dramu.

Anayekutaja anaweka jina lake rehani. Anataka mambo mawili, ingawa ni nadra ayatamke: kiongozi wake asilalamike, na wewe usimchukulie nafasi. Karibu kila ushauri nitakaoutoa hapa unatokana na hofu hizo mbili.

Nieleze kazi moja jinsi ilivyokwenda. Mwenzangu alinipigia Alhamisi akiuliza kama nilikuwa huru Jumamosi usiku. Nilimjibu papo hapo, kwa sababu mtu anayetafuta wa kumshikia huwa na majina kadhaa, naye hupiga moja baada ya jingine mpaka apate anayekubali. Ukijibu baada ya muda wa saa tatu, kazi imekwisha kwenda kwingine. Kisha niliuliza maswali ambayo sasa siyaachi kamwe: nifike saa ngapi kwa ajili ya kupima sauti, orodha ya nyimbo ni ipi, mavazi ni ya namna gani, malipo ni kiasi gani, yanatoka mkononi mwa nani, na yanatolewa usiku uleule au baadaye. Swali la mkono unaolipa lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Kiongozi akimlipa mwenzako kisha yeye akulipe, ni vizuri kujua mapema kama atakata sehemu yake. Wengine hukata na wengine hawakati. Ugomvi huzaliwa pale ambapo jambo hilo halikusemwa. Tulipomaliza kuzungumza nilimwandikia ujumbe mfupi wenye tarehe, saa na kiasi tulichokubaliana, naye akajibu kwamba ni sawa.

Orodha ilikuwa na nyimbo 24. Nilimuuliza ni zipi ambazo bendi inazipiga tofauti na rekodi zake za asili, akanitajia tano, mojawapo ikiwa imeshushwa kutoka E hadi D ili imfae mwimbaji. Kwa anayepiga kinanda hilo ni jambo dogo. Kwangu lilikuwa na uzito, kwa kuwa uzi mnene kabisa wa besi ya nyuzi nne hufungwa katika E, na wimbo ukishuka hadi D, noti yake ya msingi haipatikani tena upande wa chini. Itakubidi uipige oktava moja juu, ambako hupoteza uzito, au ulegeze uzi katikati ya shoo. Nilikwenda na besi ya nyuzi tano. Nyimbo nilizozijua niliziandikia mistari miwili tu ya kukumbusha, na zile tano niliziandikia kurasa kamili zenye kodi za muziki, idadi ya mizunguko na jinsi wimbo unavyoisha. Mtu anayeshika nafasi bila mazoezi huumbuka hasa kwenye miisho, kwani katikati ya wimbo unaweza kuwafuata wengine, lakini mwisho hauna wa kumfuata.

Jukwaani nilipiga kama mwenye nafasi anavyopiga, na mapambo yangu niliyaacha nyumbani. Nakiri kwamba hili ni gumu kwa kijana anayetaka kuonekana. Hata hivyo, bendi inayokuazima kwa usiku mmoja inahitaji isihisi pengo, na sifa kubwa unayoweza kuipata ni kiongozi kumwambia mwenzako kwamba mambo yalikwenda salama.

Baada ya shoo kiongozi aliniomba namba. Hapo ndipo nilipowahi kukosea katika kazi nyingine ya awali: nilitoa namba, nikapigiwa moja kwa moja kwa kazi iliyofuata, nikaenda bila kumweleza aliyenipeleka. Sikuvunja mkataba wowote, kwani haukuwapo, lakini yule mwenzangu hakunipigia tena, na kwa miezi kadhaa simu za marafiki zake pia zilikauka. Hakuna aliyenieleza sababu. Katika kazi za kutajana hupewi barua ya kukataliwa. Unaona kimya tu, na ni wewe wa kukumbuka kimya hicho kilianza lini. Safari hii nilitoa namba, nikamwandikia mwenzangu usiku uleule kwamba nimeombwa, na kwamba nikipigiwa nitamuuliza yeye kwanza. Pia nilimweleza kwamba kiongozi alibadilisha mwisho wa wimbo wa saba, ili atakaporudi asishtukizwe.

Kosa jingine linalofanana na hilo ni kukubali bei iliyo chini ya ile anayolipwa mwenye nafasi. Kiongozi akigundua kwamba wewe unapatikana kwa nusu, umemshusha mwenzako mezani kwake, na habari hiyo husambaa haraka kuliko sifa ya upigaji wako. Muulize yeye kiwango kabla ya kukitaja kwa mtu mwingine yeyote.

Zipo ishara za kujua ulipo katika orodha ya mtu. Anayekupigia mchana kwa shoo ya usiku huohuo huenda ameshakataliwa na wengine kabla yako. Anayekupigia wiki mbili kabla ameanza na wewe. Ukiwa huna nafasi, sema hivyo mara moja na umpe jina la mtu uliyemsikia akipiga, maana akiharibu, lawama itakurudia wewe.

Katika filamu mambo hufanana kwa mafundi: mkuu wa kitengo cha sauti au cha kamera ndiye huchagua wasaidizi wake, na mshika maiki mara nyingi hupata kazi kutoka kwa mshika maiki mwingine aliyebanwa na tarehe. Waigizaji njia hii huwafaa kidogo tu, kwa kuwa sura iliyokwisha kurekodiwa haishikiwi nafasi na mtu mwingine. Kwao wanaostahili kufahamiwa ni wale wanaosimamia usaili na wasaidizi wa waongozaji.

Mwenzangu yule alinipigia tena mwezi uliofuata. Ilikuwa Jumatatu, na shoo ilikuwa bado siku 19.